Namna ya kusoma +05:30 ukiwa Arusha

Ukifanya kazi kwenye ofisi ya madini hapa Arusha, saa ya India inakufuata kila siku. Tanzanite inachimbwa Mirerani, inapita mjini kwetu, na sehemu kubwa ya mawe huishia kukatwa na kung'arishwa Jaipur. Kwa hiyo bei, ofa, risiti za malipo na taarifa za mzigo hutujia zikiwa na saa zilizoandikwa kwa mtindo huu:

```
2025-11-04T23:59:00+05:30
```

Mstari huu ni wa mfano, lakini ndivyo ofa inavyofika: mnunuzi wa Jaipur amesema bei yake inasimama hadi muda huo, baada ya hapo inafutika. Swali la dalali ni moja tu. Kwa saa ya ukutani hapa Arusha, mwisho ni lini?

Hatua ya kwanza: jua saa iliyoandikwa ni ya nani

Kosa kubwa linatokea hapa, kabla hata ya hesabu. Watu wengi wakiona alama ya kujumlisha wanadhani wanaambiwa wajumlishe. Sivyo. Ile 23:59 ni saa ya Jaipur tayari, kama inavyosomeka kwenye saa ya mkononi ya mnunuzi. Hakuna cha kuongeza juu yake. Alama ya +05:30 inakuja nyuma kueleza kwamba saa hiyo iko mbele ya UTC kwa saa tano na nusu. UTC ndiyo saa ya rejea ambayo nchi zote hupimia saa zao. Sisi Tanzania tuko mbele yake kwa saa tatu, yaani +03:00, mwaka mzima.

Wakati mwingine utakuta imeandikwa bila nukta mbili. Fungua barua pepe yoyote kutoka India kwenye Gmail, bofya vidoti vitatu, chagua Show original, na huenda ukaona kitu cha namna hii:

```
Date: Tue, 4 Nov 2025 00:50:12 +0530
```

Maana ni ileile. Tarakimu mbili za kwanza ni saa, mbili za mwisho ni dakika. Si 530 ya kitu chochote, na wala si tano nukta tatu. Hilo la nukta tatu nitalirudia, kwa sababu linaharibu hesabu kimyakimya.

Hatua ya pili: rudi UTC, kisha njoo nyumbani

Kwa kuwa Jaipur iko mbele ya UTC, kurudi UTC ni kutoa:

23:59 toa 5:30 ni 18:29. Hiyo ni UTC, bado Jumanne tarehe 4.

Kisha jumlisha saa zetu tatu: 18:29 na 3:00 ni 21:29.

Ofa inakufa saa tatu na dakika ishirini na tisa usiku, Jumanne. Dalali anayesoma 23:59 akajiambia ana muda hadi karibu na saa sita za usiku, anapiga simu saa nne kumwambia mnunuzi amekubali, na kule Jaipur tayari ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia Jumatano. Mnunuzi amelala na bei imekufa.

Ukishazoea, njia ya mkato ni kutoa saa mbili na nusu moja kwa moja, kwa kuwa 5:30 toa 3:00 ni 2:30. Hata hivyo napenda watu wapitie UTC kwanza hadi mkono uzoee, maana siku ikija barua yenye -05:00 kutoka New York, njia ya mkato ya India haitawasaidia. Pale alama ni ya kutoa, saa ya kule iko nyuma ya UTC, kwa hiyo kurudi UTC unajumlisha. Kanuni ni moja: fanya kinyume cha alama ili ufike UTC, halafu ongeza tatu.

Hatua ya tatu: angalia siku

Rudi kwenye ile barua pepe ya 00:50. Toa saa mbili na nusu na unavuka usiku wa manane kurudi nyuma: 22:20, Jumatatu tarehe 3. Kwetu ni saa nne na dakika ishirini usiku wa Jumatatu kuamkia Jumanne, wakati aliyeituma alikuwa tayari ameingia Jumanne. Kila kitu kinachotoka India kati ya 00:00 na 02:29 kinaangukia siku ya nyuma yake kwetu. Kwenye malipo jambo hili lina uzito, kwa sababu risiti ya India inaweza kuwa na tarehe mosi huku kitabu chako cha mauzo kikitaka iingie mwezi uliopita. Mhasibu atakayelinganisha tarehe bila kutazama saa atatafuta pesa ambayo haijapotea.

Hatua ya nne: igeuze iwe saa ya Kiswahili, lakini mwishoni kabisa

Fanya hesabu zote kwa mtindo wa saa 24, na ugeuze kuwa saa tatu, saa nne na kadhalika pale tu unapomwambia mtu kwa mdomo. Ukichanganya mapema utapata jibu lililokosea kwa saa sita kamili. Naona hili zaidi kwenye ujumbe wa simu: mtu anakubaliana na mwenzake saa tatu asubuhi, kisha anamwandikia Mhindi "3:00". Mhindi naye, mtu wa watu, anaongeza saa mbili na nusu, anakaa mbele ya skrini yake saa 05:30 alfajiri kusubiri simu ambayo itapigwa saa 11:30 yake. Andika 09:00 +03:00 na hakuna atakayeuliza.

Kutambua kosa kwa ukubwa wake

Hiki ndicho kifaa ninachokitumia zaidi nikiletewa saa isiyoeleweka. Kila kosa lina kipimo chake. Chukua jibu ulilopewa, lilinganishe na jibu sahihi, kisha tazama zimeachana kwa kiasi gani.

Zikiachana kwa saa mbili na nusu, mtu aliinakili saa ya India kama ilivyo. Zikiachana kwa saa tano na nusu, aliidhania ni UTC akaongeza tatu. Kwa ofa yetu angepata 02:59 ya Jumatano. Zikiachana kwa saa kumi na moja, alijumlisha 5:30 badala ya kutoa, na angepata 08:29 Jumatano asubuhi, akatembea mjini kwa raha zake. Saa sita ni mchanganyiko wa saa ya Kiswahili. Nusu saa ni mtu aliyetoa tano tu, kwa sababu hajawahi kuona nchi yenye nusu.

Gumu kuliko yote ni dakika kumi na mbili. Hapo mtu ameandika 5.3 kwenye kikokotoo au kwenye Excel. Nusu saa ni 0.5, kwa hiyo 5:30 ni 5.5, na 5.3 ni saa tano na dakika kumi na nane. Jibu linatoka 21:41 badala ya 21:29, na linaonekana la kawaida kabisa. Hakuna anayeshtuka.

Kwa wenye orodha ndefu ya malipo, Excel haiwezi kuaminiwa kusoma maandishi yale yenye T katikati na +05:30 mwishoni. Yakate mwenyewe. Kama A2 ina maandishi kama ya ofa yetu:

```
=DATEVALUE(LEFT(A2,10))+TIMEVALUE(MID(A2,12,8))-TIME(2,30,0)
```

Ipe seli muundo wa tarehe na saa, la sivyo utaona namba ya ajabu. Kabla ya kuivuta fomula chini, pitisha `=RIGHT(A2,6)` kwenye safu ya pembeni uhakikishe mistari yote ina +05:30. Mstari mmoja wa Bangkok wenye +07:00 utakupa saa ya uongo bila onyo lolote.

Hiyo nusu inatoka wapi, na inakuambia nini

Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa. India ilipoweka saa moja ya taifa mwaka 1906, ilichagua mstari wa nyuzi 82.5 mashariki, unaopita karibu na Mirzapur. Gawanya 82.5 kwa 15, unapata 5.5. Basi. Nchi nzima inafuata mstari huo ingawa imetanuka karibu nyuzi 30, kwa hiyo kaskazini-mashariki kabisa jua linachomoza takriban saa mbili kabla ya kuchomoza Gujarat, na saa za ukutani zote zinasema kitu kimoja.

Sisi nasi hatuko sawasawa na jua. Arusha iko karibu na nyuzi 36.7, ambazo kwa jua pekee zingetupa kama saa mbili na dakika 27 mbele ya UTC. Tumewekewa tatu kamili, ndiyo maana jua hapa huwa juu kabisa karibu na saa sita na nusu mchana. Tofauti na UTC ni uamuzi wa serikali, na serikali inaweza kuubadilisha. Sri Lanka, ambayo leo ina +05:30 kama India, ilikuwa na +06:30 kwa miezi kadhaa mwaka 1996, kisha +06:00 hadi 2006.

Hapo kuna mipaka miwili ya kukumbuka. Kwanza, +05:30 peke yake haikuambii kama mtu yuko Jaipur au Colombo. Pili, inaeleza ule wakati ulioandikwa tu. Kwa India hakuna tatizo, kwani haisogezi saa kwa majira. Lakini mnunuzi wa New York mwenye -05:00 mwezi Januari atakuwa na -04:00 mwezi Julai, na miadi uliyoihesabu kwa namba ya Januari itakosea kwa saa nzima. Miadi ya mbele iwekee jina la eneo kwenye kalenda ya simu, kama `America/New_York` au `Asia/Kolkata`, na uache kalenda itafute namba ya siku hiyo.

Kwa simu za Jaipur, ofisi ikifanya kazi 10:00 hadi 18:30 kwao, kwetu ni saa moja na nusu asubuhi hadi saa kumi jioni. Mawe yakifika kutoka Mirerani baada ya hapo, tuma picha na uzito, bei mtaizungumza kesho yake.