Kumfundisha mgeni Kiswahili kwa malipo: ngeli tatu kwanza, jedwali baadaye

Mpwa wangu ameanza kufundisha Kiswahili mtandaoni, na wiki hii nimekaa naye kupanga masomo ya mwanafunzi wake wa kwanza, Mjerumani asiyejua hata salamu. Hatua tulizofuata ni hizi.

Hatua ya 1: Bei. Panga bei ukishahesabu makato. Preply, tovuti inayowakutanisha walimu na wanafunzi, huchukua malipo yote ya somo la kwanza la kila mwanafunzi mpya. Baada ya hapo hukata asilimia 33, na makato hushuka hadi 18 kadiri saa zako za kufundisha zinavyoongezeka. Ukitaka dola 10 zibaki mkononi mwanzoni, andika 15.

Hatua ya 2: Ratiba. Sisi saa zetu hazibadiliki, za Ulaya hubadilika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Somo la saa 1 usiku kwetu ni saa 12 jioni Berlin wakati wa kiangazi, na saa 11 wakati wa baridi, pengine bado yuko kazini. Kubalianeni mapema nani atasogeza muda.

Hatua ya 3: Daftari. Fungua Google Docs moja kwa kila mwanafunzi, nyote wawili muwe mnaandika humo. Slaidi za kupendeza sizipendi hata kidogo, kwa sababu mwalimu huishia kuzisoma na mwanafunzi huishia kuzitazama.

Hatua ya 4: Ngeli. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukata tamaa. Mwalimu hutoa jedwali la ngeli zote juma la kwanza, mwanafunzi analikariri vizuri, kisha akitaka kusema jambo dogo ananyamaza akilitafuta kwenye jedwali. Usilitoe mpaka ngeli tatu zimkae mdomoni: A-WA, KI-VI na I-ZI, kwa mpangilio huo.

A-WA haisumbui, maana ameshazoea *anasoma* na *wanasoma*. Kwa KI-VI, mwambie alete mbele ya kamera vitu vya nyumbani kwake: kikombe, kitabu, kijiko. Anza na kitenzi peke yake: *kikombe kimeanguka, vikombe vimeanguka*. Ulimi ukizoea, ongeza kimilikishi: *kikombe changu kimeanguka*. Kivumishi kije mwisho kabisa: *kikombe changu kikubwa kimeanguka*. Nakiweka mwisho kwa sababu vivumishi vina mitego. *Safi, ghali* na *rahisi* havipokei kiambishi, na mwanafunzi aliyeanzia huko atakuandikia "chumba kisafi". Kitenzi hakimwangushi hivyo, tena atakihitaji karibu kila anapofungua kinywa.

I-ZI ina ugumu wake: *nyumba* ni nyumba, iwe moja au kumi. Mwache asikie wingi kwenye maneno yanayofuata: *nyumba yangu imeuzwa, nyumba zangu zimeuzwa*.

Sasa tenga somo zima kwa viumbe hai. Mwanafunzi aliyeielewa KI-VI atasema "kiboko kimelala", na kwa alichofundishwa ana haki. Mweleze kwamba mnyama hufuata A-WA hata jina lake likianza na ki-: *kiboko amelala, viboko wamelala*. Akishatulia na hilo, atakutana na dada. Andika sentensi hizi mbili kwenye daftari na muzisome kwa sauti:

*Dada yangu mkubwa amefika.*
*Dada zangu wakubwa wamefika.*

Kivumishi na kitenzi vimefuata A-WA, kimilikishi kimefuata I-ZI. Ndivyo ilivyo kwa *kaka, mama, baba* na *rafiki*. *Mtoto wangu* na *mke wangu* hubaki na w-, kwa kuwa vina kiambishi cha m-. Usichanganye makundi haya mawili siku moja. Fundisha dada na rafiki leo, mtoto na mke somo lijalo.

Mazoezi ya kujaza nafasi hayatakuonyesha kama ameelewa, kwani wengi huyapata yote. Mwombe akusimulie alichofanya Jumamosi, bila kumwambia unasikiliza ngeli. Usimkatize. Andika sentensi zake zilizopinda kwenye daftari zikiwa zimenyooshwa, muzisome pamoja mwishoni. Akiwa anatumia *i-* kwa kila kitu wakati wa kusimulia, rudi kwenye vikombe kabla ya kuongeza ngeli ya nne.

Kama anaishi Nairobi, atakuambia majirani wanasema "kitabu imeanguka". Ni kweli wanasema. Mwambie atalisikia na atalielewa, ila kwenye mtihani au barua ya kazi aandike *kimeanguka*.

Hatua ya 5: Kughairi. Kwa mwanafunzi anayekulipa moja kwa moja bila kupitia Preply, lipwa kabla ya mwezi kuanza, na anayeghairi chini ya saa 24 kabla ya somo harudishiwi. Mpe sharti hilo kwa maandishi siku ya kwanza.