Kabla hujachora ulimi wa kufungia kasha la printa ya 3D

Chukua kasha la kawaida: la kuwekea bodi ya ESP32 inayosoma kiwango cha maji kwenye tangi la juu. Halina skrubu. Kifuniko chake kinashikwa na ndimi mbili za plastiki zinazopinda kidogo wakati wa kufunga, zinapita ukingo wa kasha, kisha zinarudi mahali pake kwa mlio wa "tak". Kila ulimi una shina unapoanzia, mkono unaopinda, na jino mwishoni. Jino nalo lina nyuso mbili: mteremko wa mbele unaoulazimisha mkono upinde, na uso wa nyuma unaoshika ukingo.

Cha kwanza kuamua, hata kabla ya vipimo, ni ulimi utalala vipi kwenye meza ya printa. Wengi huliacha hili mpaka mchoro umekwisha, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Printa ya filamenti hujenga tabaka juu ya tabaka, na tabaka hazishikani kwa nguvu ile iliyomo ndani ya uzi wenyewe. Ulimi uliochapwa ukiwa umesimama una tabaka zinazoukata mkono kwa upana, hivyo kila unapopinda unazibandua pale shinani. Ukilazwa ubavu, nyuzi zinakwenda moja kwa moja kutoka shinani mpaka kwenye jino, na kupinda hakuzitenganishi.

Taabu ni kwamba kifuniko kinapolala bapa, ndimi zake husimama. Unaweza kukisimamisha kifuniko chenyewe, lakini utahitaji vishikizi vingi vya kukitegemeza wakati wa kuchapa na uso wake hautapendeza. Mimi napendelea ulimi uwe kipande cha peke yake, kilichochapwa kimelala, chenye mguu uliopanuka unaochomekwa kwenye mfereji wa kifuniko. Ukivunjika unachapa ulimi tu, kifuniko kinabaki kilekile.

Plastiki haihitaji mjadala mrefu. PLA huanza kulainika karibu na nyuzi joto 60, na kasha lililoshinda juani linaweza kuukaribia huo moto. Isitoshe, PLA huvunjika ghafla ikipindwa. Chukua PETG.

Sasa unene. Mkono unapopinda, plastiki ya upande wa nje inavutika, na inavutika zaidi shinani. Kinachoamua kama ulimi utaishi ni asilimia ya kuvutika huko, na hesabu yake ni fupi:

```
e = 1.5 * t * y / L^2
```

Hapa `t` ni unene wa mkono, `y` ni kiasi unachopinda (ndicho kimo cha jino), na `L` ni urefu kutoka shinani hadi kwenye jino. Kwa ulimi wa PETG utakaofunguliwa mara kwa mara, mimi sivuki asilimia 2. Kwa PLA nisingevuka 1.

Tuseme nozeli yako ni ya 0.4. Unene wa milimita 1.6 ni mistari minne kamili, hivyo printa haitaacha pengo katikati ya mkono. Jino liwe na kimo cha milimita 1.2 na mkono uwe na urefu wa 15. Jibu ni 0.0128, yaani asilimia 1.3, na hapo uko salama. Sasa ufupishe mkono mpaka milimita 8 kwa sababu kasha ni dogo: jibu linaruka hadi asilimia 4.5, na ulimi huo hautadumu. Urefu ndio wenye sauti kubwa katika hesabu hii, kwani ukiukata nusu, kuvutika kunapanda mara nne.

Ndiyo maana tiba ambayo mtu huikimbilia kwanza, kuongeza unene ulimi ukivunjika, inazidisha ugonjwa. Toka 1.6 hadi 2.0, kuvutika kunapanda kutoka asilimia 1.3 hadi 1.6, na nguvu ya kuupinda mkono inakaribia kuwa maradufu. Ulimi wetu ukiwa na upana wa milimita 8 unapinda kwa takriban nyutoni 6, sawa na uzito wa gramu 600. Ukikosa nafasi ya kuurefusha mkono, punguza kimo cha jino, au uchongoe mkono uwe mwembamba kuelekea kwenye jino. Na pale shinani usiache kona kali. Weka mviringo wenye nusu kipenyo cha milimita 0.8, nusu ya unene.

Mteremko wa kuingilia unapimwa kutoka kwenye mwelekeo wa kusukuma. Kwa nyuzi 30, na msuguano wa kadiri wa 0.3, kila ulimi unadai kusukumwa kwa nyutoni 6 hivi, kazi ya kidole gumba. Kwa 45 unadai karibu 11. Kwa 60 unafika 25, na hapo mtu anaanza kukigonga kifuniko kwa kiganja. Gharama ya mteremko mpole ni nafasi tu: kwa jino la 1.2, nyuzi 30 zinachukua milimita 2 na kidogo za urefu. Zitoe.

Uso wa nyuma unataka uamuzi zaidi, maana hesabu ni ileile ila sasa inafanya kazi wakati wa kuvuta. Kwa nyuzi 45 kifuniko kinang'oka kwa mkono, nyutoni 11 kwa kila ulimi. Kuanzia nyuzi 73 hivi msuguano peke yake unatosha kufunga: ukivuta kwa nguvu zote, kitu kitavunjika kabla hakijafunguka. Eneo la hatari ni katikati. Kwa nyuzi 60, msuguano ukiwa 0.2 ulimi unaachia kwa nyutoni 17, ukiwa 0.4 unataka 40, na vumbi kidogo au filamenti ya rangi nyingine huweza kubadili msuguano. Kwa hiyo chagua upande: 45 kwa kasha la kufungua kwa mkono, au 90 pamoja na kidirisha ukutani cha kubonyezea jino kwa bisibisi. Kwa kasha la juu ya tangi, lenye mpira wa kuzuia maji unaokisukuma kifuniko muda wote, ningechukua 90. Msukumo huo kwenye uso wa nyuzi 45 ungeuacha mkono umepinda usiku na mchana, na plastiki iliyoachwa hivyo huzoea kupinda.

Kwa sababu hiyohiyo, ulimi uliokwisha kufunga usibanwe na chochote. Acha milimita 0.2 hadi 0.3 kati ya jino na ukingo unaolishika, na kiasi hichohicho ubavuni. Angalia pia tabaka la kwanza, ambalo hutanuka mezani na kuufanya ubavu mmoja wa ulimi uwe mnene kuliko mwingine: zikate kingo za chini mshazari kwa milimita 0.4, au tumia `Elephant foot compensation` ya programu ya PrusaSlicer.

Usichape kasha zima kwanza. Chapa ulimi mmoja na kipande kifupi cha ukingo, ufunge na kufungua mpaka mkono wako uchoke, kisha ulitazame shina kwenye mwanga. Weupe ukitokea, mkono wa ulimi umevutika kupita kiasi: urefushe. Jino lisiporudi kamili mahali lilipokuwa, dawa ni hiyohiyo. Ulimi ukikatika na kuacha uso bapa wenye mistari ya tabaka, usiguse vipimo; ulaze ulimi upya kwenye meza ya printa.