Premia, marudio ya mubashara au video ya kawaida: jinsi ya kusoma lebo za YouTube

Kazi yangu ni kuhakiki video kabla hazijaingia kwenye habari. Nyingi huja kwa WhatsApp zikiwa na kiungo cha YouTube na maneno "hii ilikuwa laivu". Swali la kwanza ninalojiuliza halihusu yaliyomo. Nataka kujua video hiyo iliingiaje YouTube: ilipakiwa kama video yoyote, ilitangazwa mubashara ikabaki kama marudio, au ilikuwa premia, yaani faili lililokamilika ambalo mwenye chaneli alilipangia saa ya kuonyeshwa kwa watu wote kwa pamoja. Jibu la haraka liko kwenye mstari mmoja chini ya kichwa cha video. Ukihitaji uthibitisho, mistari miwili ya msimbo wa ukurasa inakutosha.

Hatua ya 1: Fungua kwenye kivinjari, kwa Kiingereza

Programu ya simu hufupisha maandishi, kwa hiyo fungua kiungo kwenye kivinjari cha kompyuta. Kama una simu tu, tumia Chrome na uchague Desktop site. Kisha ongeza `&hl=en` mwishoni mwa anwani:

```
https://www.youtube.com/watch?v=KITAMBULISHO&hl=en
```

Nasema Kiingereza kwa sababu mwongozo huu unategemea maneno kamili ya lebo, na ukurasa ukiwa kwa lugha nyingine utalazimika kukisia lipi ni lipi. Kitambulisho ni zile herufi 11 zinazofuata `v=`. Kama kiungo ulicholetewa ni cha `youtu.be`, nakili herufi hizo uziweke kwenye anwani ya hapo juu.

Hatua ya 2: Soma mstari wa tarehe

Chini ya kichwa kuna kisanduku cha maelezo. Kikiwa kimefungwa huonyesha idadi ya watazamaji na muda uliopita, mathalani miezi mitano. Bofya `...more` ili tarehe kamili ijitokeze, kisha tazama neno linaloitangulia.

Tarehe ikiwa peke yake, kama `Mar 4, 2025`, hiyo ni video ya kawaida. Ikitanguliwa na `Premiered`, ilikuwa premia. Ukikuta `Streamed live on`, ni marudio ya matangazo ya mubashara.

Video ikiwa bado haijaanza au inaendelea, maneno hubadilika. Premia inayosubiriwa huandikwa `Premieres` na saa yake, na ikishaanza utaona `Premiere in progress`. Mubashara inayosubiriwa huandikwa `Scheduled for`, na inayoendelea `Started streaming`. Hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa, maana premia inayoendelea hufanana mno na mubashara: watu wanaandikiana pembeni, idadi ya wanaotazama inapanda na kushuka, na huwezi kupeleka video mbele kupita pale wenzako walipofika. Ila hakuna kamera inayofanya kazi muda huo. Faili lilishapakiwa zamani.

Kwa sababu hiyo usiamue kwa kuangalia gumzo. Marudio ya gumzo yakibaki pembeni ya video, yanakuambia kwamba watu walitazama pamoja kwa saa fulani, basi. Premia nayo huyabakiza. Nimeona watu makini wakiandika "ilirushwa mubashara" kwa ushahidi wa gumzo peke yake, ilhali mstari wa tarehe ulisema `Premiered`.

Orodha ya video kwenye ukurasa wa chaneli husaidia kidogo tu. Marudio ya mubashara hukaa chini ya `Live`, lakini premia iliyokwisha hukaa chini ya `Videos` pamoja na zile za kawaida. Hukumu iachie ukurasa wa video yenyewe.

Hatua ya 3: Thibitisha kwenye msimbo wa ukurasa

Hatua hii naifanya kila mara video inapokuwa na utata. Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl+U, msimbo ufunguke kwenye ukurasa mpya. Bonyeza Ctrl+F na utafute `liveBroadcastDetails`. Usipokipata, ni video ya kawaida. Ukikipata, utaona kitu cha namna hii:

```
"liveBroadcastDetails":{"isLiveNow":false,
"startTimestamp":"2025-03-05T16:58:12+00:00",
"endTimestamp":"2025-03-05T18:31:40+00:00"}
```

Usikimbilie kusema ni mubashara kwa sababu ya neno "live" lililomo humo. Premia nayo huwa na sehemu hiyo, kwa kuwa YouTube huiendesha kwa mitambo ileile ya matangazo. Kinachozitenganisha ni kipande kingine, `isLiveContent`. Kitafute. Kikiwa `true`, picha zilikuja kama mtiririko wa mubashara. Kikiwa `false` huku `liveBroadcastDetails` ipo, umekutana na premia.

Anayetumia yt-dlp, programu ya kompyuta ya kupakua video kwa kuandika amri, anaweza kupata jibu hilohilo kwa amri moja, bila kupakua video:

```
yt-dlp --print "%(live_status)s %(release_timestamp)s" "KIUNGO"
```

Marudio ya mubashara hutoa `was_live`. Video ya kawaida hutoa `not_live` na `NA`. Premia hutoa `not_live` ikifuatiwa na namba ndefu, ambayo ni saa ya kuanza iliyohesabiwa kwa sekunde tangu 1970. Ukiona `post_live`, matangazo yamekwisha lakini YouTube bado inayatayarisha marudio, kwa hiyo rudi baadaye kabla ya kuandika urefu wake.

Hatua ya 4: Geuza saa

Alama `+00:00` maana yake ni saa ya dunia, UTC. Kwa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ongeza saa 3. Kwa Bujumbura, Kigali na Lubumbashi ongeza 2. Mfano wa hapo juu, 16:58, unakuwa 19:58 kwa Dar, yaani saa 1 na dakika 58 usiku kwa hesabu yetu. Mimi huandika zote mbili kwenye daftari la uhakiki, kwani mhariri akisoma "saa 1:58" bila neno "usiku" atakuuliza ya lini.

Tarehe ya video ya kawaida ina mtego wake. YouTube huionyesha kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa 10 au 11 kutegemea majira yao. Video iliyochapishwa Dar tarehe 5 Machi 2025 saa 2 asubuhi itasomeka `Mar 4, 2025`. Ukitafuta `publishDate` kwenye msimbo utaona sababu:

```
"publishDate":"2025-03-04T21:00:00-08:00"
```

Ile `-08:00` ndiyo saa ya huko. Nimeshuhudia mabishano kwamba chaneli fulani "ilijua matokeo siku moja kabla", na kiini chake kilikuwa hizo saa 11.

Mfano mmoja mpaka mwisho

Tuchukue mfano niliouunda kwa kazi hii. Umeletewa kiungo cha mkutano wa hadhara unaodaiwa kufanyika Dar tarehe 5 Machi 2025, na ujumbe unasema mgombea "alikuwa anaongea muda huohuo". Unafungua ukurasa, unabofya `...more`, unakuta `Streamed live on Mar 5, 2025`. Msimbo unakupa `isLiveContent` ya `true` na saa zile tulizoona, kuanzia 19:58 mpaka 21:31 usiku kwa saa za Dar.

Mpaka hapo kila kitu kinakubaliana na madai. Sasa cheza video. Jukwaa limejaa jua, watu wameshika miavuli kukinga joto, vivuli vimelala wazi ardhini. Mwezi Machi jua la Dar huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 jioni. Mkutano wenye jua namna ile hauwezi kuwa wa saa 2 usiku.

Lebo haikudanganya. Inaeleza njia ambayo picha zilipita kuingia YouTube, na njia hiyo ilikuwa mtiririko wa mubashara. Haisemi kamera ilirekodi lini. Mtu yeyote mwenye OBS, programu ya kurushia matangazo ya mubashara, anaweza kuchukua faili la jana, au la mwaka juzi, akalitiririsha usiku wa leo, na ukurasa utaandika `Streamed live on` kwa haki kabisa. Baadhi ya chaneli hurudia vipindi vya zamani kwa njia hiyo saa 24. Kwa hiyo kwenye ripoti usiandike "mkutano ulifanyika saa 2 usiku". Andika "ulitiririshwa kuanzia saa 1:58 usiku, mwanga unaonyesha ulirekodiwa mchana", kisha endelea kutafuta siku yenyewe kwa njia nyingine.

Kuna jambo la pili kwenye mfano huu. Kati ya kuanza na kumaliza kuna saa 1 na dakika 33, lakini kichezeshi kinaonyesha urefu wa saa 1 na dakika 12. Dakika 21 hazipo. Mara nyingi zimekatwa baadaye kwenye kihariri cha YouTube Studio, na lebo haibadiliki baada ya kukata. Pengine ni dakika za bango la "tunaanza hivi punde", pengine ni sehemu ya hotuba. Mahali pa kuchunguza ni marudio ya gumzo, kama yamebaki: tafuta watu wanaojibu maneno ambayo huyasikii kwenye video.

Hesabu hii ya urefu haifai kwa matangazo marefu sana. YouTube huhifadhi yenyewe marudio ya matangazo yasiyozidi saa 12, hivyo kukosekana kwa marudio ya kitu cha saa 14 hakumaanishi kwamba mtu ameyafuta.

Kinyume chake pia hutokea. Mtu anapakua marudio ya mubashara, anayapakia upya kwenye chaneli yake, na ukurasa wa pili unaonyesha tarehe tupu kana kwamba ni video ya kawaida. Ukiona nembo ya "LIVE" imechomwa ndani ya picha yenyewe ilhali lebo ni tarehe peke yake, umeshika nakala. Tafuta ukurasa wa asili kwa nembo ya kituo au jina la tukio, uangalie chini ya `Live` kwenye chaneli hiyo, na urudie hatua ya 3 huko. Ukikuta asili imefanywa ya siri au imeondolewa, saa za kuanza na kumaliza zimeondoka nayo, na tarehe ya nakala inabaki kuwa kikomo tu: tukio lilitokea kabla yake.