Somo: Kukagua kauli za imani kwa habari kwa kutumia alfa ya Cronbach

Umewauliza watu kauli tano kuhusu redio wanayoisikiliza, na unataka kuzijumlisha zitoe alama moja ya imani. Kabla ya kujumlisha, kagua kama majibu yanakwenda pamoja: anayekubali kauli moja, je, huelekea kukubali na zile nyingine? Hilo ndilo tunalolikagua kwa alfa, kipimo kilichopata jina la Lee Cronbach kutokana na makala yake ya 1951.

Kauli zetu zimefuata sifa tano alizozitumia Philip Meyer mwaka 1988 kupima uaminifu wa magazeti. Kila moja hujibiwa kwa 1 (sikubali kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa):

q1 Habari zake ni sahihi.
q2 Inazitendea haki pande zote.
q3 Inaeleza habari kwa ukamilifu.
q4 Habari zake huegemea upande mmoja.
q5 Naweza kuziamini habari zake.

Hatua ya 1: Ondoa namba zisizo majibu. Kama "sijui" iliingizwa kama 99, ifanye iwe nafasi tupu. Ukiiacha, mtu aliyesema "sijui" kwenye kauli zote atakuwa na 99 tano. Watu wachache wa namna hiyo wanatosha kuzifanya kauli zionekane zinakwenda pamoja mno, na alfa itapanda juu bila sababu. Angalia namba ya chini na ya juu ya kila kauli. Ukiona inayozidi 5, rudi nyuma.

Hatua ya 2: Geuza q4. Anayekubali q4 anaonyesha kutoamini, kwa hiyo namba zake zinakwenda kinyume. Kwa skeli ya 1 hadi 5, toa kila jibu kutoka 6: 5 inakuwa 1, 4 inakuwa 2, na 3 inabaki 3. Fanya hivyo mara moja tu. Amri ikirudiwa, namba zinarudi zilikotoka, ndiyo maana hapa tunaunda safu mpya.

Hatua ya 3: Endesha. Kwa R, d ikiwa jedwali la majibu yako:

```
library(psych)
d$q4r <- 6 - d$q4
alpha(d[, c("q1","q2","q3","q4r","q5")])
```

Hatua ya 4: Elewa namba imetoka wapi. Fomula ni hii, k ikiwa idadi ya kauli:

```
alfa = k/(k-1) * (1 - A/B)
```

A ni jumla ya variansi za kauli moja moja, na B ni variansi ya alama ya jumla. Kauli zikienda pamoja, B huizidi A kwa mbali. Tuseme kila kauli ina variansi ya 1, kauli nne zina uhusiano wa 0.5 kati yao, na q4 ambayo haijageuzwa ina -0.4 na kila moja. A ni 5, B ni 7.8, na alfa ni 0.45. Ukigeuza q4, B inapanda hadi 14.2 na alfa inakuwa 0.81. Watu ni walewale na majibu ni yaleyale.

Kosa hili hujitokeza kwenye safu ya `r.drop`, yaani uhusiano wa kauli na jumla ya zile zilizobaki. Katika mfano wetu q4 ingeonyesha -0.51. Alama ya kutoa hapo maana yake, mara nyingi, ni kauli iliyosahauliwa kugeuzwa. Usiifute kabla ya kuhakikisha.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nikiondoa q4 kabisa si ndiyo rahisi zaidi?*

Katika mfano huu alfa ingeshuka kidogo, kutoka 0.81 hadi 0.80, na ungepoteza swali pekee linalohusu kuegemea upande. Kauli hufutwa kwa sababu ya maana yake pia, si kwa namba peke yake.

*Nimegeuza, lakini r.drop ya kauli yangu bado ni 0.08. Kauli ni "Habari zake haziegemei upande wowote."*

Basi hiyo hukupaswa kuigeuza, kwani anayeikubali anaonyesha imani. Na hata usipoigeuza ina tatizo: anayeona redio inapendelea inabidi ajibu "sikubali kwamba haziegemei". Kukanusha mara mbili kunawachanganya wengi, hasa dodoso likisomwa kwa sauti. Iandike kwa kuyakinisha, kisha uijaribu kwa watu wachache.

*Nina kauli tatu za redio na tatu za mitandao ya kijamii. Alfa ya zote sita ni 0.77. Naweza kuripoti imani moja?*

Hapana, ndugu yangu, si kwa alfa hiyo pekee. Kauli za redio zikihusiana kwa 0.6 zenyewe kwa zenyewe, za mitandao vilevile, na makundi mawili yakihusiana kwa 0.2 tu, alfa ya zote sita inatoka 0.77 hiyohiyo. Alfa haihesabu makundi. Tazama jedwali la uhusiano kwanza, d2 ikiwa jedwali la majibu ya kauli zako sita:

```
round(cor(d2, use="pairwise"), 2)
```

Ukiona vitalu viwili vya namba kubwa, tengeneza alama mbili na ukokotoe alfa ya kila moja.

*Yangu imefika 0.96. Msimamizi hakufurahi. Kwa nini?*

Huenda kauli zako ni sentensi moja iliyozungushwa: "naziamini habari zake", "habari zake zinaaminika", "nina imani na habari zake". Mhojiwa anarudia jibu lilelile, nawe hujagusa usahihi, haki wala ukamilifu. Bakiza moja kati ya hizo, na nafasi zinazobaki uzijaze kwa sifa ambazo hujaziuliza.