SOMO: Kukopa yeni na kushika peso, hesabu ya keri tredi na jinsi inavyoporomoka

Naandika hili mara moja, nikiulizwa tena nitatuma somo hili tu. Kila wiki kuna mtu, wa hapa Mbeya au wa Njombe, ananiletea swali lile lile: riba ya Japani ni ndogo, ya Meksiko ni kubwa, kwa nini nisikope Japani nikaweka Meksiko? Hiyo ndiyo keri tredi. Watu wanaifanya, tena wenye fedha nyingi sana, na miezi mingi wanalipwa vizuri. Kuingia si kazi. Kazi ni kujua utatokaje, kwa hiyo sehemu kubwa ya somo iko huko. Mfano wote ni wa Julai na Agosti 2024, wakati riba ya Japani ilikuwa karibu na sifuri na Meksiko walikuwa wanalipa asilimia 11.

Hatua ya 1. Chagua sarafu ya kukopa yenye riba ndogo (yeni) na ya kushika yenye riba kubwa (peso ya Meksiko).

Hatua ya 2. Andika kiwango cha ubadilishaji siku unayoingia. Mwanzoni mwa Julai 2024 peso moja ilikuwa karibu yeni 9. Nitatumia 9 kamili.

Hatua ya 3. Piga hesabu ya riba. Tuseme una yeni 1,000,000 zako, umeziweka kwa dalali kama dhamana, na umekopa yeni 5,000,000 kwa riba ya asilimia 0.5 kwa mwaka. Zigawe kwa 9, unapata peso 555,556. Kwa asilimia 11, mwaka mzima zinakupa kama peso 61,000, yaani yeni 550,000 hivi. Toa yeni 25,000 za riba ya mkopo, unabaki na 525,000 juu ya mtaji wa milioni moja. Hapa ndipo wengi wanafunga daftari na kuanza kutafuta dalali. Usilifunge.

Hatua ya 4. Tafuta kiwango ambacho faida inaisha. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayochoma akaunti, kwa hiyo soma polepole.

Baada ya mwaka una peso 616,667 na deni la yeni 5,025,000. Gawanya deni kwa peso: 8.15. Maana yake peso inaweza kushuka kutoka yeni 9 hadi 8.15 na bado hujapoteza kitu. Inaonekana ni nafasi kubwa. Lakini nafasi hiyo ni ya mtu aliyekaa mwaka mzima. Aliyekaa mwezi mmoja amepata riba ya mwezi mmoja tu, na kiwango chake cha kufa faida ni 8.92. Kinga yake yote ni senti nane za yeni, na peso inaweza kusogea kiasi hicho kabla hujamaliza chai ya asubuhi. Riba inaingia siku kwa siku, kiwango cha ubadilishaji hakisubiri siku. Ukilinganisha riba ya mwaka na hatari ya mwaka utajiona uko salama, wakati swali sahihi ni: riba niliyokwisha kuipata mpaka leo inabeba mshtuko wa leo?

Angalizo la kwanza: usihesabu riba ambayo hujalipwa kama kinga. Angalizo la pili: kiwango cha kufa faida si kiwango cha kufa akaunti. Hicho cha pili kinategemea hatua inayofuata.

Hatua ya 5. Ukubwa wa mkopo. Tuchukulie dalali wako anakufungia, yaani anauza peso zako bila kukuuliza, ikiwa dhamana itashuka chini ya nusu, yeni 500,000. Kwa mkopo wa milioni tano, hilo linatokea peso ikifika kama 8.1. Ungekopa milioni moja tu juu ya mtaji wako wa milioni moja, peso ingeweza kushuka hadi 7 ukapoteza kama yeni 222,000, ukaumia lakini ukabaki ndani. Peso ni ile ile na mwezi ni ule ule. Tofauti ni ukubwa wa deni.

Hatua ya 6. Elewa jinsi kuporomoka kunavyojilisha kwenyewe. Kila aliye kwenye biashara hii amekopa yeni na anadaiwa yeni. Siku akitaka kutoka, kwa hiari au kwa kulazimishwa, lazima auze peso na anunue yeni. Kuuza kwake kunaishusha peso, kununua kwake kunapandisha yeni, na mwenzake aliyekopa zaidi anafika kwenye mpaka wa dhamana yake. Huyo naye anafungiwa, dalali anauza peso zake kwa bei yoyote iliyopo, na mpaka wa mwingine unafikiwa. Ni kama malori yanayoshuka Kitonga yakiwa yamefuatana: la mbele likikanyaga breki, yote ya nyuma yanakanyaga, na hakuna anayeulizwa kama yuko tayari.

Sasa tazama ilivyokuwa. Mwanzoni mwa Julai 2024 dola moja ilikaribia yeni 162, na waliokuwa wanacheza dhidi ya yeni kwenye masoko ya Marekani walikuwa wengi kuliko wakati wowote tangu 2007. Tarehe 11 Julai takwimu za mfumuko wa bei wa Marekani zilitoka chini ya matarajio, na serikali ya Japani ikaingia sokoni kununua yeni. Tarehe 31 Julai Benki Kuu ya Japani ikapandisha riba hadi asilimia 0.25, na gavana Kazuo Ueda akaonyesha kwamba inaweza kupanda tena. Tarehe 2 Agosti ikaja takwimu mbaya ya ajira Marekani, watu wakaanza kutegemea riba ya dola kushuka. Jumatatu ya tarehe 5 Agosti hisa za Tokyo kwenye fahirisi ya Nikei zilianguka asilimia 12.4 kwa siku moja, dola ikashuka chini ya yeni 142, na peso ikakaribia yeni 7.

Riba ya robo ya asilimia haiwezi kumuua mtu anayepata asilimia 11. Tofauti ya riba ilikuwa bado nono hata siku ile ya tarehe 5. Kilichoua ni wingi wa watu waliokuwa upande mmoja kwa mkopo. Habari ndogo iliwasukuma wachache, na wachache wakawasukuma wengine.

Rudi kwa mtu wetu wa milioni tano. Peso zake 555,556 kwa yeni 7 ni yeni 3,889,000 hivi. Amepoteza 1,111,000. Riba ya mwezi aliyopata ni kama 44,000. Mtaji wote umekwenda na bado anadaiwa, isipokuwa dalali alimfungia mapema kwenye 8.1, akabaki na nusu.

Hatua ya 7. Weka kiwango chako cha kutoka siku unayoingia, na kiwe juu ya kile cha dalali.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Uyole: Mkuu somo refu. Kwa kifupi inalipa au hailipi?

Mwandishi: Soma hatua ya 4.

Kijana wa Uyole: Basi nitajie dalali anayetoa mkopo mara mia ya mtaji.

Mwandishi: Sitaji. Kwa mara mia, peso ikishuka kutoka 9 hadi 8.91 mtaji wako wote umeisha. Hesabu iko juu, irudie kwa namba zako mwenyewe.

Nesi wa Mafinga: Shikamoo mwalimu. Nimesoma mara mbili. Nauliza: kwa nini nisiingie mkataba leo wa kuuza peso zangu mwaka ujao kwa bei tuliyokubaliana? Nichukue riba, na kushuka kwa peso kusinihusu.

Mwandishi: Marahaba dada, hilo ndilo swali bora hapa. Mkataba huo upo, na benki inauuza. Lakini jiulize benki itakupa bei gani. Nayo inajua riba zote mbili. Inachukua 9, inazidisha kwa 1.005, inagawa kwa 1.11, na bei inayotoka ni 8.15. Umeiona wapi namba hiyo? Ni kile kiwango chetu cha kufa faida baada ya mwaka. Ukijifunga kwa bei hiyo, riba yote ya ziada inaliwa na bei ya mkataba, unabaki na sifuri ukitoa na gharama. Kwa hiyo ile asilimia 10 na kidogo ni malipo ya kubeba hatari ya kiwango. Ukiiondoa hatari, malipo yanaondoka nayo.

Nesi wa Mafinga: Nimeelewa. Kumbe mtu anayeshika peso bila mkataba anabashiri kwamba haitafika 8.15.

Mwandishi: Ndiyo, na kwamba dalali hatamfungia njiani kabla mwaka haujaisha. Vitu viwili.

Mzoefu wa Soweto: Unatisha watu bure. Mimi nilishikilia wiki ile yote na soko likarudi. Nikei yenyewe ilipanda kesho yake.

Mwandishi: Ilipanda asilimia 10 tarehe 6, ni kweli. Na tarehe 7 naibu gavana Shinichi Uchida alisema hawatapandisha riba soko likiwa limeyumba, ndipo watu wakapumua. Sijaandika popote kwamba soko halirudi. Nimeandika kwamba aliyekopa mara tano alifungiwa kabla halijarudi. Wewe ulikopa mara ngapi ya mtaji wako?

Mzoefu wa Soweto: Sikukopa sana.

Mwandishi: Basi tunakubaliana, hiyo ni hatua ya 5.

Mfanyabiashara wa Kasumulu: Kaka, huku mpakani tunaona riba za Malawi ziko juu kuliko zetu. Nikigeuza fedha kuwa kwacha nikaweka benki?

Mwandishi: Hapo kuna hatari ya aina nyingine. Kwacha haisogei kidogo kidogo kila siku kama peso. Inashikiliwa mahali pamoja, halafu inaachiwa kwa mkupuo. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilitoa dola kutoka kama kwacha 1,180 hadi 1,700 kwa tangazo moja. Aliyekuwa na kwacha 1,180,000 alilala na dola 1,000 na kuamka na dola 694. Hata angekuwa amekaa mwaka mzima kwa asilimia 24, ambayo ndiyo ilikuwa riba ya benki kuu yao, angebaki na dola 861. Na hapo hatujazungumzia kama dola zenyewe zitapatikana siku unazitaka. Utulivu wa kiwango kwenye sarafu ya namna hiyo usiuhesabu kama usalama.

Muuza mbolea wa Makambako: Benki imeniambia mkopo wa dola una riba ndogo kuliko wa shilingi. Mimi si mtu wa masoko, lakini nimeona kama nahusika.

Mwandishi: Unahusika kabisa, mzee wangu. Wateja wako wanakulipa shilingi. Ukidaiwa dola, umeshaingia kwenye biashara hii bila kufungua akaunti yoyote ya masoko. Jirani yako anayesafirisha parachichi nje na kulipwa dola anaweza kuchukua mkopo ule ule bila tatizo hilo, kwa sababu kipato na deni viko kwenye sarafu moja. Kabla ya kusaini, chukua tofauti ya riba hizo mbili, kisha uliza: dola ikipanda kwa asilimia hiyo kabla sijamaliza kulipa, faida ya riba ndogo imebaki? Na marejesho yako yakiangukia miezi ambayo wakulima bado hawajauza mahindi, utanunua dola kwa bei ya siku hiyo, huna nafasi ya kusubiri.

Muuza mbolea wa Makambako: Nimeelewa, mwalimu. Nitaomba wanipe hesabu zote mbili kwa maandishi.

Mwanafunzi wa Iringa: Kuna njia ya kuona kiwango cha kufa faida kila siku bila kukokotoa upya kwa mkono?

Mwandishi: Ipo. Weka hii kwenye Ekseli. 30 ni idadi ya siku ulizokaa, ibadilishe sehemu zote mbili:

```
=9*(1+0.005*30/365)/(1+0.11*30/365)
```

Itakupa 8.92. Safu ya pembeni weka kiwango cha leo. Ukiona cha leo kiko chini ya hicho, riba uliyopata imekwisha na unapoteza mtaji. Ongeza safu ya tatu ya kiwango ambacho dalali anakufungia, uikokotoe kutoka kwenye masharti ya mkataba wako, maana kila dalali ana yake.