Somo: Linta ya mlango na dirisha, na kwa nini upana ndio unaoamua

Linta ni boriti ya zege inayopita juu ya uwazi wa mlango au dirisha. Ukuta ulio juu ya mlango haulali wote juu ya linta. Matofali yaliyofungamana vizuri hupeleka sehemu kubwa ya uzito pembeni, na linta hubakiwa na pembetatu ambayo kitako chake ni upana wa uwazi na kimo chake ni nusu ya upana huo.

Chukua ukuta wa sentimita 15 wa matofali ya saruji yasiyo na matundu. Uwazi wa mita 1.2 una pembetatu ya kilo 113 hivi. Ukiufanya mita 2.4, pembetatu inafika kilo 454, yaani mara 4. Mzigo huo pia umesogea mbali na maegemeo mara 2, kwa hiyo nguvu ya kuipinda linta inakuwa mara 8. Ndiyo maana linta ya dirisha dogo hairefushwi tu ikawekwa kwenye dirisha pana.

Kwa uwazi wa mita 1.2 unaobeba ukuta peke yake:

1. Kata nondo za linta ya mita 1.6, ili kila upande ulalie ukuta sentimita 20. Mwisho wa linta ukae juu ya tofali zima, si kipande.
2. Suka nondo 2 za milimita 12 chini na 2 za milimita 10 juu, ringi za milimita 8 kila sentimita 15.
3. Funga boksi la upana wa sentimita 15 na kimo 20, kisha simamisha mirunda, mmoja ukiwa katikati.
4. Weka biskuti, yaani vipande vya zege vya kuinulia nondo, za milimita 25 chini ya nondo. Linta ikipinda, upande wa chini ndio unaovutwa, na zege ni dhaifu sana kwa kuvutwa. Nondo zikipanda katikati ya kimo, kazi yake inapotea.
5. Mimina zege la 1:2:4, yaani saruji 1, mchanga 2, kokoto 4, ushindilie vizuri kwenye pembe. Mbao za pembeni zinaweza kutoka baada ya siku 2, mwagilia maji siku 7, lakini mirunda ikae siku 14.

Swali: Juu ya linta nina kozi 2 tu, halafu slabu. Bado ni pembetatu?

Jibu: Hapana. Pembetatu inahitaji ukuta wa kutosha juu na pembeni. Slabu ikikaa ndani ya kimo cha pembetatu, linta inapokea mzigo wa slabu moja kwa moja. Vipimo vya hapo juu havifai. Mpe mhandisi akupigie hesabu.

Swali: Dirisha langu lina ufa. Nitajuaje tatizo liko wapi?

Jibu: Angalia ulipoanzia. Ufa wa wima upande wa chini wa linta, katikati, ni wa kupinda: nondo hazitoshi, zimepanda, au mirunda ilitolewa mapema. Ufa wa ngazi unaoanzia kwenye kona unaweza kuonyesha egemeo fupi au tofali lililopondeka chini ya mwisho wa linta. Ukizidi kupanuka, weka mirunda kwanza, ndipo ubomoe.