Jinsi ya kumrudia mwajiri uliyemkatalia ofa ya kazi

Nimefanya kazi ya kuajiri watu jijini Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na barua za watu waliokataa ofa kisha wakarudi nimezisoma si haba. Anayezipokea huwa na swali moja kichwani: huyu akipewa tena, hatakataa tena? Hatua zote zilizo hapa chini zinalenga kulijibu swali hilo.

Hatua ya kwanza: soma upya ujumbe uliokataa nao. Sababu uliyoandika siku ile ndiyo iliyobaki kwenye jalada lako, kwa hiyo ndiyo utakayopaswa kuonyesha kwamba imeondoka. Mtu aliyeandika kwamba mshahara ni mdogo hawezi kurudi akizungumzia mambo ya familia bila kuzua shaka. Kama hukuandika chochote bali uliacha kupokea simu, basi anza kwa kuomba radhi kwa sentensi moja, na ujue kwamba uwezekano wako ni mdogo.

Hatua ya pili: chunguza kama nafasi bado ipo. Tazama matangazo ya kampuni, au muulize mtu aliyemo ndani. Hata kama imejazwa, usikate tamaa mapema, kwa maana muda wa majaribio mara nyingi huwa miezi mitatu hadi sita, na wapo wasiouvuka. Utaratibu huu, hata hivyo, haufai kwa ajira za serikali zinazopitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Huko utasubiri tangazo jipya na kuomba upya kama wengine.

Hatua ya tatu: mwandikie meneja aliyetaka kukuajiri, na nakala umpelekee afisa rasilimali watu. Meneja ndiye anayekumbuka jinsi ulivyojibu kwenye usaili. Sisi wa rasilimali watu, niseme ukweli, hukumbuka zaidi usumbufu wa kuanza kutafuta mtu mwingine.

Hatua ya nne, ambayo ndiyo nzito, ni kuieleza sababu. Chukua mfano wa mhasibu aliyekataa nafasi ya Mwanza mwezi Machi kwa kuwa alikuwa akimuuguza mama yake Dar es Salaam. Akiandika mwezi Agosti kwamba "mama amepata nafuu", meneja atajiuliza itakuwaje ugonjwa ukirudi, kwa sababu nafuu si jambo la kudumu. Lakini akieleza kwamba dada yake amehamia kwa mama na ndiye anayemhudumia, mpango huo unaonekana wazi na hautegemei hali ya mgonjwa. Barua yake inaweza kuwa hivi:

"Yah: Nafasi ya Mhasibu, Tawi la Mwanza

Ndugu Meneja,

Mwezi Machi mlinipa ofa ya nafasi tajwa hapo juu, nami nikaikataa kwa sababu nilikuwa nikimuuguza mama yangu Dar es Salaam. Tangu Julai dada yangu anaishi naye na ndiye anayemhudumia, hivyo ninaweza kuhamia Mwanza. Natambua kwamba huenda nafasi hiyo imejazwa. Iwapo ipo, au ikitokea inayofanana nayo, ningeomba kufikiriwa, na niko tayari kufanyiwa usaili upya. Nikishasaini mkataba, nitahitaji siku 28 za notisi kwa mwajiri wangu wa sasa."

Barua iishie hapo. Maelezo ya hospitali na dawa hayamhusu meneja, na malalamiko juu ya kazi uliyonayo sasa humfanya ahisi kwamba unakimbia tu. Zile siku 28 zimetokana na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ambayo imeziweka kuwa kiwango cha chini kwa anayelipwa kwa mwezi. Mkataba wako ukitaka zaidi, andika za mkataba.

Hatua ya tano ni mshahara. Ofa uliyoikataa ilikufa siku ile, kwa hiyo usiandike kana kwamba unaikubali sasa. Mwajiri yuko huru kutoa pungufu au kutotoa kabisa. Subiri atangulie kutaja kiasi. Ukifungua mazungumzo kwa kudai nyongeza, swali lile la mwanzo litakuwa limejijibu vibaya.

Baada ya wiki mbili za kimya, piga simu mara moja tu. Ukiambiwa "tutakutafuta" bila kutajiwa siku wala hatua inayofuata, chukulia kwamba nafasi hakuna, na uendelee kuomba kwingine. Wakikubali, usiandike barua ya kuacha kazi kwa ahadi ya simu: ngoja mkataba uliosainiwa na pande zote mbili, kisha ndipo utoe notisi.